Kitanda Kimoja, Picha Moja: Kutoka Mchoro wa Mkono hadi Hesabu ya Mbao

Picha inaingia kwenye simu saa tatu usiku. Ni ukurasa wa daftari uliochorwa kitanda kwa kalamu ya bluu, umepigwa picha ukiwa mapajani, kidole gumba kimeziba kona moja na kivuli cha simu kimelala upande wa kulia. Tarakimu zimetawanyika pembeni mwa mistari, nyingine zimeandikwa kwa kusimama, nyingine kwa kulala. Chini yake kuna swali fupi: "Fundi, hiki shilingi ngapi?"

Swali hilo huulizwa Keko na Gikomba kila siku, na majibu yake ni ya namna mbili. Yuko fundi anayetazama picha, akakumbuka kitanda cha mwisho alichotengeneza, akataja bei. Yuko mwingine anayejumlisha urefu wa vipande vyote, akaugawa kwa urefu wa ubao, akaongeza asilimia kumi ya kupotea, akazidisha kwa bei ya yadi. Huyu wa pili anaonekana kuwa makini zaidi, lakini mara nyingi naye hujikuta yadini akiongeza ubao kwa fedha yake mwenyewe. Hesabu yake ya kujumlisha haina kosa. Alichokosea ni kudhani kwamba tarakimu za mchoro ndizo urefu wa kukata, na kwamba mbao huuzwa kwa sentimita. Makala haya yanafuata kitanda kimoja tangu pichani hadi kwenye bei, ili tuone fedha inapopotelea.

Tarakimu zichunguzane zenyewe

Katika picha yetu, katikati ya kitanda pameandikwa "5x6". Kwenye mfumbati, yaani ubao mrefu wa ubavuni, pana "185". Kwenye kitakizo, ubao wa kukingama unaounga matendegu mawili, pana "155". Pembeni mwa tendegu pana "7x7". Chini kabisa pana mshale mrefu wa urefu wa nje, wenye tarakimu inayoanza na 19 na kumalizikia kivulini. Inaweza kuwa 190, inaweza kuwa 199. Mshale wa upana wa nje unasema "169".

Jambo la kwanza ni vizio. Mteja hakuandika popote kama ni sentimita au inchi, na michoro ya kwetu huchanganya vyote viwili bila haya. "5x6" haiwezi kuwa sentimita. Ni futi, na ni ukubwa wa godoro kama linavyotajwa dukani. Futi 5 ni sentimita 152.4 na futi 6 ni sentimita 182.9. Hapo 155 na 185 zinaeleweka: ni nafasi ya ndani yenye zaidi kidogo ya sentimita 2 za kulipumzisha godoro, ili shuka ipate pa kuchomekwa. Kwa hiyo tarakimu kubwa zote ni sentimita. Angalia pia alama ndogo. Mkono ukiandika haraka, "5x6" na 5'6 hufanana sana pichani, na hiyo ya pili ni futi tano na inchi sita, kipimo kimoja tu badala ya viwili.

Jambo la pili ni jumla. Mchoro mzuri una minyororo ya vipimo, na kila mnyororo lazima ufunge. Urefu wa ndani 185, ukiongeza tendegu la 7 kila mwisho, unapata 199. Basi tarakimu iliyo kivulini ni 9, wala si 0. Upana nao ni 155 na 7 na 7, jumla 169, kama mshale unavyosema. Mnyororo wa kichwani unasomeka kutoka sakafuni kwenda juu: 30 chini ya kitakizo, 14 upana wa kitakizo, 60 nafasi ya fito za kusimama, 14 kitakizo cha juu, na 2 za tendegu linalochomoza. Jumla ni 120, na kweli pembeni pameandikwa "120". Kama ile 14 ingekuwa inchi, mnyororo ungekatika. Jumla imetutatulia kizio bila kumsumbua mteja.

Mnyororo ukikataa kufunga, usichague tarakimu inayokupendeza. Tofauti yenyewe huwa inasema kitu. Ikiwa ni sawa na unene wa tendegu moja au mawili, mchoraji amechanganya kipimo cha ndani na cha nje. Ikiwa ni 6, huenda 1 imesomwa kama 7, kosa la kawaida kwa maandishi ya haraka. Ikiwa ni mara kumi, nukta imepotea. Pale tu tofauti isipofanana na chochote ndipo umpigie mteja, na umuulize kipimo hicho kimoja, si mchoro mzima.

Kishawishi kinachobaki ni kuipima picha yenyewe: kuikuza kwenye kioo cha simu, kuweka rula juu ya mfumbati unaojulikana kuwa 185, kisha kukadiria vingine kwa uwiano. Usifanye. Mchoro wa mkono haukuchorwa kwa uwiano tangu mwanzo, na kamera iliyoinama hurefusha mistari iliyo karibu na kufupisha iliyo mbali. Macho yatumike kukamata makosa makubwa tu, kwa mfano tendegu la miguuni lililoandikwa 150 huku limechorwa fupi kuliko la kichwani. Tarakimu zikiwa hafifu, mwombe mteja alaze karatasi mezani, asimame juu yake wima mchana, na aitume kwenye WhatsApp kama dokumenti, kwa sababu picha ya kawaida hubanwa ikapoteza ncha za maandishi.

Visivyochorwa ndivyo vinavyokula mbao

Mteja huchora anachokiona akiwa amesimama mlangoni mwa chumba. Katika picha yetu kuna matendegu manne, mawili ya sentimita 120 na mawili ya 50. Kuna mifumbati miwili, vitakizo vitatu, na fito saba za kusimama kichwani. Basi. Godoro lingeanguka sakafuni, kwa kuwa hakuna kilichochorwa cha kulibeba.

Chaga hazijachorwa, lakini zinaweza kuhesabiwa. Ubao wa 1x4 ambao haukurandwa una upana wa karibu sentimita 10. Nafasi kati ya chaga na chaga ikizidi sana sentimita 7, godoro la sponji huanza kuzama kwenye mianya. Kwa urefu wa ndani wa 185, chaga 11 huchukua sentimita 110, zinabaki 75 za kugawanya kwenye mianya 12, yaani 6.25 kila mmoja. Chaga 10 zingeacha mianya ya 7.7. Tunachukua 11, na kila moja ina urefu wa 154, sentimita moja pungufu ya nafasi ya ndani ili isisukume mifumbati mbao ikinyonya unyevu.

Chaga zinahitaji pa kukalia: mikanda miwili ya 185 inayofungwa kwa skrubu upande wa ndani wa mifumbati. Na ubao wa inchi moja ukivuka mita moja na nusu bila egemeo utapinda watu wazima wawili wakilala, kwa hiyo kunahitajika mhimili wa kati wa 185 kutoka kichwani hadi miguuni, na mguu mfupi chini ya katikati yake. Vipande vinne vya mbao ambavyo picha haikuvitaja, na chaga 11 juu yake. Katika kitanda hiki, zaidi ya nusu ya urefu wote wa mbao utakaokatwa haumo kwenye mchoro kabisa.

Kipimo cha macho na kipimo cha msumeno

Mteja ameandika 155 kwa sababu ndicho kinachoonekana kati ya tendegu na tendegu. Lakini kitakizo hakiishii usoni mwa tendegu. Kina ulimi unaoingia ndani ya tundu. Tendegu lina sentimita 7, nasi tunataka ulimi wa 5 kila upande, utakaotiwa gundi. Urefu wa kukata unakuwa 165. Fundi aliyekata 155 ana ubao mzuri wa kutengenezea kitu kingine.

Mifumbati ni habari nyingine. Kitanda lazima kifunguke ili kipite mlangoni, hivyo mifumbati hushikwa kwa boli wala haitiwi gundi. Ulimi wake ni mfupi, sentimita 1 tu, kazi yake ni kuzuia mfumbati usizunguke. Urefu wa kukata ni 187. Ufupi huo una sababu nyingine pia: tundu la kitakizo na tundu la mfumbati hukutana ndani ya tendegu lile lile kutoka pande mbili, na ukizirefusha ndimi zote zitagongana. Fito za kichwani zina nafasi ya 60, ulimi wa 2.5 juu na chini, kwa hiyo 65.

Unene nao una mtego wake, na huu ni wa gharama kuliko wa urefu. Mbao hutajwa kwa inchi kama zilivyotoka kwenye msumeno wa kupasulia. Ubao unaoitwa 2x6 ungepaswa kuwa sentimita 5 kwa 15, lakini ukirandwa pande zote unabaki na unene wa karibu 4.5 na upana wa 14 na kidogo. Nyingine hupasuliwa kwa ubahili, zikafika yadini tayari zina 4.6. Mchoro wetu unataka upana wa 14 na haukutaja unene, kwa hiyo 2x6 inatosha. Lakini mteja angeandika unene wa sentimita 5 kamili baada ya kuranda, ubao wa inchi 2 usingeweza kuutoa, na ungelazimika kupanda hadi inchi 3, yaani kuilipia nusu nzima ya ziada ili kuitupa kama unga. Mara nyingi mteja aliyeandika 5 alikuwa anawazia "inchi mbili" tu. Sekunde moja ya kumuuliza inaokoa fedha nyingi. Tendegu la 7x7 nalo linatoka kwenye 3x3, yenye sentimita 7.6 kabla ya randa. Hapo pana milimita 3 tu kila uso, kwa hiyo ubao uliopinda hautafaa hata kama ni wa bei nafuu.

Kukauka kusikuchanganye. Mbao mbichi husinyaa upana na unene, si urefu. Badiliko la urefu ni dogo kiasi kwamba halina nafasi kwenye orodha ya mkato. Mbao ikiwa na unyevu, wasiwasi wako uwe kwenye ile 14 na ulimi utakaolegea ndani ya tundu, wala si kwenye 187.

Mbao haiuzwi kwa sentimita

Sasa tuna orodha ya kukata. Matendegu ya 3x3: mawili ya 120 na mawili ya 50. Kutoka 2x6: vitatu vya 165 na viwili vya 187. Kutoka 1x4: kumi na moja vya 154 na saba vya 65. Halafu ile mikanda miwili na mhimili wa 185, ambavyo tutavitafutia mahali.

Tuseme yadi ina mbao za futi 12, yaani karibu sentimita 366. Ncha za ubao huwa na nyufa na rangi za alama, kwa hiyo tukate sentimita 2 kila mwisho. Zinabaki 362 za kufanyia kazi. Kila mkato wa msumeno unakula milimita 3 hadi 4.

Matendegu yanaingia vizuri: 120, 120, 50 na 50 ni 340, na ubao mmoja unatosha. Kipande kilichobaki hakifiki hata sentimita 21.

Kwenye 2x6 mpangilio ndio unaoamua. Mifumbati miwili haiwezi kutoka kwenye ubao mmoja, kwa kuwa 187 mara mbili ni 374. Lakini 187 na 165 ni 352, zinaenea. Basi ubao wa kwanza unatoa mfumbati na kitakizo, wa pili vivyo hivyo, na wa tatu unatoa kitakizo kilichobaki. Fundi mwingine angekata vitakizo viwili kwenye ubao mmoja kwa sababu vinafanana, na bado angetumia mbao tatu, lakini kipande kirefu zaidi ambacho angebaki nacho kisingefika 185. Mpangilio wetu unaacha kwenye ubao wa tatu kipande kimoja kirefu cha 196. Hicho ndicho kipande chenye thamani kuliko vyote. Kikatwe 185, kisha kipasuliwe kwa urefu wake: mhimili wenye upana wa sentimita 8.5, na mikanda miwili ya 2.6 kila mmoja. Pamoja na njia mbili za msumeno, hiyo ni sentimita 14.3, inatosha ndani ya upana wa 15. Vipande vitatu ambavyo mchoro haukuvitaja vimepatikana bila kununua ubao wa nne.

Kwenye 1x4 bahati inageuka. Chaga mbili zinaingia kwenye ubao mmoja, na kinachobaki ni sentimita 53. Fito inahitaji 65. Kila ubao wa chaga unaacha kipisi kinachokosa sentimita 12 tu ili kiwe fito! Mbao tano zinatoa chaga kumi. Ubao wa sita unatoa chaga ya kumi na moja na fito tatu. Fito nne zilizobaki zinataka ubao wa saba. Vipisi viwili vya 53 vinakatwa 30, vinabandikwa pamoja kwa gundi, na ndio mguu wa kati. Vingine vitatu vinaenda kwenye rundo la kona ya karakana.

Jaribu kupanga upya utakavyo. Ukiacha vipimo hivi kama vilivyo, mbao saba hazipungui. Fundi anayejumlisha angesema nini? Chaga na fito zina jumla ya sentimita 2,149. Ukigawa kwa 366 unapata 5.87, naye asipoongeza ile asilimia kumi angeagiza mbao sita. Amekosa ubao mzima, na hakuna mstari hata mmoja wa hesabu yake wenye kosa. Sentimita zake zipo kweli, ila zimelala katika vipisi vitano visivyoungana.

Ndiyo maana asilimia ya kupotea si kanuni ya kutegemea. Upotevu hautokani na uzembe wa msumeno. Unatokana na uhusiano kati ya urefu wa kipande na urefu wa ubao. Kipande cha 154 kinapoteza zaidi ya sentimita 50 kwa kila ubao wa futi 12. Kipande cha 119 kingeingia mara tatu na kisipoteze karibu chochote. Kila kazi ina asilimia yake, na huijui kabla hujapanga mikato.

Kuupa kila ubao bei yake

Bei za mbao hubadilika kwa aina, mji na msimu, kwa hiyo hizi zifuatazo ni za kujaribia hesabu tu. Kila msomaji aweke za yadi yake. Tuseme mteja anataka mninga, na 3x3 ni shilingi 60,000, 2x6 ni 70,000, na 1x4 ni 28,000, zote za futi 12. Ubao mmoja, mbao tatu na mbao saba: 60,000, 210,000 na 196,000. Jumla ya mbao ni 466,000.

Fundi wa kujumlisha, akizidisha sentimita zake kwa bei ya kila sentimita, angepata karibu 386,000. Akiongeza asilimia kumi yake angefika 425,000. Amepungukiwa na shilingi 41,000, na hapo hajaugusa mhimili wala mikanda. Fedha hiyo haitatoka kwa mteja, kwa kuwa bei imekwisha tajwa. Itatoka kwenye ufundi.

Mpango wa mikato una faida nyingine: unaonyesha mahali ambapo mchoro unaweza kuguswa ili bei ishuke. Vipisi vitano vya 53 vinatazamana na fito za 65. Fito zikifupishwa hadi 52, yaani nafasi ya kichwani ikishuka kutoka 60 hadi 47, kila kipisi kinaweza kuwa fito, ubao wa sita unatoa fito tatu zaidi, na ubao wa saba hauhitajiki. Kitanda kinapungua sentimita 13 kichwani na shilingi 28,000 mfukoni. Hilo ni jambo la kumwambia mteja. Si jambo la kumfanyia kimyakimya.

Njia nyingine ni kubadili mbao isiyoonekana. Chaga zinafunikwa na godoro, kwa hiyo zinaweza kuwa za paini. Lakini hapa napo hesabu ya haraka hudanganya. Chaga zikiwa za paini na fito za mninga, haziwezi tena kugawana ubao. Chaga 11 zinahitaji mbao sita za paini, na fito saba zinahitaji mbao mbili za mninga, kwa kuwa ubao mmoja unatoa tano tu. Idadi ya mbao imepanda kutoka saba hadi nane. Kama paini ni 8,000, jumla ni 48,000 na 56,000, yaani 104,000 badala ya 196,000. Nafuu ipo, na ni kubwa, ila si ile ya kuchukua mbao saba na kubadilisha bei. Chagua pia paini isiyo na vifundo vikubwa katikati. Chaga huvunjikia kwenye kifundo.

Mbao zikishajulikana, gharama nyingine ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, isipokuwa ufundi. Kuranda hulipwa kwa mwenye mashine. Boli, skrubu, gundi, msasa na vanishi vinahesabika kimoja kimoja. Usafiri wa mbao kuja na wa kitanda kwenda ni safari mbili, na ya pili ndiyo husahaulika. Ufundi hukadiriwa vibaya kwa sababu wengi huufunga kwenye bei ya mbao: mbao mara mbili, wanasema, na yaliyobaki ni kazi. Kwa kanuni hiyo kitanda kile kile kikiwa cha paini, kazi yake ingelipwa sehemu ndogo ya ile ya mninga, wakati matundu ni yale yale.

Hesabu ndimi badala yake. Vitakizo vitatu vina ndimi 6, fito saba zina 14, mifumbati ina 4. Jumla ni ndimi 24, na kila moja ina tundu lake la kuchimbwa kwa patasi. Fundi anayejua amechimba matundu mangapi kwa siku ana kipimo cha kazi yake ambacho hakitikiswi na bei ya yadi. Hesabu hiyo pia inaonyesha kwamba fito saba zile nyembamba, zinazoonekana kama pambo, ndizo zenye zaidi ya nusu ya kazi ya kuunga. Tuseme ni siku nne za shilingi 35,000, yaani 140,000. Kuranda 30,000, vifaa 60,000, usafiri 20,000. Pamoja na mbao, gharama inafika 716,000 kabla ya faida ya karakana.

Jibu la kurudisha

Bei ikitajwa peke yake, mteja na fundi watabaki kila mmoja na kitanda chake kichwani. Jibu linalofaa ni picha kwa picha. Fundi achore upya mchoro ule ule kwenye karatasi safi, aandike vipimo vilivyofungana, urefu wa nje 199 ukiwa umesomeka wazi, aongeze chaga, mikanda na mhimili, na pembeni aandike unene baada ya kuranda. Chini yake bei, aina ya mbao, na siku ambazo bei hiyo itasimama, kwa sababu yadi haimsubiri mtu.

Karatasi hiyo humkinga fundi siku mteja atakaposema alitaka nafasi ya ndani iwe 190. Humkinga mteja pia, kwa kuwa anaona chaga ni ngapi na mhimili upo, na akipata bei ya chini mahali pengine anaweza kuuliza ni nini kimetolewa.

Halafu kuna swali moja la kuambatanisha, ambalo mkadiriaji wa macho hawezi kuliuliza kwa kuwa hajaliona: je, kichwa cha kitanda kinaweza kushuka sentimita 13? Labda mteja anapenda kuegemea akisoma, na 120 aliipima ukutani kwa makusudi. Labda aliiandika tu kwa sababu ni tarakimu ya duara. Sentimita hizo 13 zina bei ya ubao mmoja, na ni yeye peke yake anayejua kama anazihitaji.